Upele wa Nepi Usiosikia Mafuta

Upele wa nepi ulioingiwa na fangasi hauponi kwa mafuta ya mgando wala kwa krimu ya zinki, hata vikipakwa kila nepi inapobadilishwa. Mafuta hayo yana kazi moja, nayo huifanya vizuri: hukaa juu ya ngozi na kuikinga isiguswe na mkojo na kinyesi. Fangasi, kwa upande wao, wameshaingia katika tabaka la juu la ngozi na wanaota humo. Kinga inayopakwa juu yao haiwaui. Kosa linalorudiwa na wazazi wengi, na wauzaji wengi wa dawa, ni kudhani kwamba upele usiopona unadai mafuta mazito zaidi, au ya bei kubwa zaidi, au ya kopo lenye picha nzuri zaidi ya mtoto. Upele huo unadai dawa ya aina nyingine kabisa.

Mambo huanza na unyevu. Ngozi iliyofungwa ndani ya nepi kwa saa nyingi hulowa, tabaka lake la juu huvimba na kulainika, na kila mtoto anapotambaa au kurusha miguu, nepi huisugua. Mkojo ukikutana na kinyesi, bakteria hutengeneza amonia, na amonia huipunguzia ngozi ile asidi kidogo inayoilinda. Hapo vimeng'enya vilivyomo kwenye kinyesi, ambavyo kazi yake tumboni ilikuwa kusaga protini na mafuta, hupata nguvu ya kuila ngozi yenyewe. Huu ndio upele wa nepi wa kawaida, upele wa kuchubuliwa, na hauhitaji fangasi yeyote ili utokee. Kwa upele huu mafuta ya kukinga ndiyo dawa hasa. Ukipakwa zinki ya kutosha na mtoto akabadilishwa nepi mapema, kwa kawaida huanza kutulia ndani ya siku 2 au 3.

Fangasi huja baadaye. Anayehusika karibu kila mara ni kandida, jamii ya hamira, na jina lake kamili ni Candida albicans. Huyu si mgeni aliyeletwa na uchafu wa nyumba. Huishi matumboni na midomoni mwa watu wengi wenye afya njema, watoto wakiwamo, bila kuwadhuru, na hutoka pamoja na choo. Akiangukia ngozi kavu na nzima hana pa kushika. Akiangukia ngozi yenye joto, iliyolowa na kuchubuka, huota. Ndiyo sababu upele wa kawaida uliodumu zaidi ya siku 3 hushukiwa kuwa umeshaingiwa na kandida, hata kama ulianza bila yeye. Na ndiyo sababu upele huu hupenda kufuata matibabu ya antibiotiki. Amoksilini aliyopewa mtoto kwa ajili ya sikio au kifua huua pia bakteria wa tumboni waliokuwa wakimbana kandida, kisha huleta choo chepesi cha mara kwa mara. Fangasi huongezeka tumboni na ngozi huharibika kwa nje, yote katika juma moja.

Kuutambua hakuhitaji maabara mara nyingi. Kunahitaji mwanga mzuri, mtoto aliyelazwa chali, na mkono wa kuitanua mikunjo taratibu. Upele wa kuchubuliwa hukaa pale nepi inapogusa: kwenye mashavu ya matako, juu ya kinena, upande wa ndani wa mapaja. Mikunjo yenyewe, ule mfereji ulio kati ya paja na kinena na ule wa katikati ya matako, huwa imesalimika, kwa sababu nepi haifiki humo. Kandida hufanya kinyume chake. Hupenda mikunjo kwa kuwa humo ndimo jasho na unyevu hukaa, na kutoka humo hutambaa kuelekea nje. Mzazi aliyetanua mkunjo na kukuta ngozi ya ndani imewiva, inang'aa na imelowa ameshapata nusu ya jibu.

Nusu ya pili ipo pembezoni. Upele wa kandida huwa na mpaka unaoonekana wazi, mara nyingi wenye ukoko mwembamba unaobanduka ukingoni, na nje ya mpaka huo hutawanyika vipele vidogo vidogo, vingine vyenye usaha kichwani, kama visiwa vilivyotapakaa mbele ya pwani. Vipele hivyo hupasuka, huacha duara dogo lenye gamba, hukua, kisha huungana na upele mkubwa. Mikunjo ikiwa imeshikwa na vipele vya pembeni vikiwapo, hakuna sababu ya kusubiri siku 3 ili kuona kama zinki itafaa. Dawa ya fangasi ianze siku hiyo hiyo.

Rangi ndiyo alama inayopotosha zaidi. Vitabu vingi vya tiba vimeandikwa kwa kutazama watoto weupe, hivyo husema upele wa kandida ni mwekundu kama nyama mbichi. Kwa mtoto mweusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Ngozi yake huwa ya kahawia iliyokolea, au ya zambarau, au yenye weusi wa kijivu unaong'aa, na waridi au wekundu hujitokeza pale tu ngozi ilipochubuka. Mama anayetafuta wekundu na asiuone anaweza kuamini kwamba mtoto hana tatizo kubwa, kumbe mikunjo yote miwili imeshashikwa. Kwa ngozi nyeusi, mpaka, ukoko, mng'ao na vipele vya pembeni ni mashahidi wa kuaminika kuliko rangi. Hata kidole kinasaidia: ukingo wa upele wa kandida mara nyingi husikika umeinuka kidogo.

Mdomo nao utazamwe. Kandida akiwa mwingi tumboni, huonekana pia kama utando mweupe kwenye ulimi, ufizi na upande wa ndani wa mashavu. Mabaki ya maziwa hufutika kwa kitambaa laini. Utando wa fangasi hung'ang'ania, na ukilazimishwa huacha ngozi nyekundu inayoweza kutoa damu. Mtoto mwenye utando huo na upele wa mikunjo kwa wakati mmoja anahitaji dawa ya mdomoni pia, kwa kawaida nistatini ya matone, iliyoandikwa na mhudumu wa afya. Mama anayenyonyesha akiwa na chuchu zinazowasha, kung'aa au kuchoma baada ya mtoto kunyonya, naye apimwe, la sivyo mama na mtoto watarudishiana fangasi.

Chukulia mtoto wa miezi 9 mjini Tanga, mwezi wa joto la Machi. Mtoto huyu ni wa kubuniwa, lakini mkasa wake ni wa kawaida. Ameumwa sikio na kupewa amoksilini. Siku ya 3 ya dawa anaanza kuharisha choo chepesi mara 5 kwa siku, na siku ya 4 matako yamewiva. Mama anapaka mafuta ya mgando. Siku ya 6 ananunua krimu ya zinki na kuipaka kwa wingi. Siku ya 8 jambo la kutatanisha linatokea: mashavu ya matako yamepona nusu, lakini kwenye mikunjo ya mapaja hali imezidi, na vipele vimepanda kuelekea kitovuni. Mtoto analia akikojoa.

Mkasa huu una pande mbili, na wengi husoma upande mmoja tu. Zinki haikushindwa. Ilitibu ule upele wa kuchubuliwa, ndiyo maana matako yalipata nafuu. Ilichoshindwa ni kazi ambayo haijawahi kuiweza, kuua kandida aliyejificha mikunjoni. Mama akiona nafuu ya matako anaweza kushawishika kuongeza zinki na kungoja, na kila siku ya kungoja upele unakua. Atakapoanza krimu ya klotrimazoli mara 2 kwa siku, dalili ya kwanza ya mafanikio itakuwa kwamba vipele vipya havitoki tena pembezoni. Hilo huonekana ndani ya siku 2 au 3. Kilio cha wakati wa kukojoa hupungua kadiri michubuko inavyofunga. Mikunjo ndiyo inayopona mwisho, na juma moja hivi si muda mrefu kuisubiri.

Klotrimazoli ya asilimia 1 ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki, na haina makali kwa ngozi ya mtoto. Mikonazoli ya asilimia 2 hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: zote mbili huzuia fangasi asitengeneze mafuta maalumu anayojengea ukuta wake laini, na ukuta ukikosa mafuta hayo huvuja. Nistatini huyashika mafuta hayo hayo na kuutoboa ukuta. Ni dawa ya siku nyingi, iliyogunduliwa na wanasayansi wawili wanawake wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, mwaka 1950, na bado inafaa kwa kandida. Kwa upele wa nepi tofauti kati ya dawa hizi si kubwa kiasi cha kumzungusha mzazi mjini akitafuta mojawapo. Iliyopo dukani, isiyo na mchanganyiko, ndiyo ichukuliwe.

Matumizi yake yana utaratibu. Matako na mikunjo ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini au pamba, bila sabuni yenye manukato na bila kusugua. Kisha ngozi ikaushwe kwa kugusagusa, na ikiwezekana mtoto alazwe bila nepi kwa dakika 10 au zaidi. Krimu ipakwe nyembamba, iingie ndani ya mikunjo na ivuke mpaka wa upele kidogo ili ivifikie vipele vya pembeni. Kiasi kinachotosha ni mstari wa krimu usiozidi urefu wa kipande cha mwisho cha kidole cha shahada cha mtu mzima, yaani karibu nusu gramu. Kwa kupaka mara 2 kwa siku, tyubu ya gramu 20 inatosha majuma mawili na kubaki. Tyubu iliyokwisha kwa siku 4 inaonyesha kwamba dawa ilipakwa kama mafuta ya mwili, na krimu nene katika mkunjo huongeza unyevu uleule uliomkaribisha fangasi.

Muda wa dawa ndio unaovunjwa zaidi. Ngozi huonekana nzuri kabla fangasi hawajaisha, na tyubu ikirudishwa kabatini siku hiyo upele hurudi baada ya siku chache, kisha dawa inalaumiwa kwamba haifai. Matibabu ya kawaida huchukua siku 7 hadi 14, na ni busara kuendelea siku kadhaa baada ya ngozi kuonekana imepona.

Je, mafuta ya kukinga yatupwe? Hapa hata wataalamu hawasemi kwa sauti moja. Miongozo ya Uingereza huelekea kushauri yaachwe hadi kandida atulie, huku madaktari wengi wa watoto wa Marekani wakiruhusu yapakwe juu ya dawa ya fangasi. Hoja ya wa kwanza ni kwamba mafuta mazito hufungia unyevu na huzuia dawa isifike. Ya wa pili ni kwamba mtoto anayeharisha hawezi kuachwa bila kinga. Zote zina uzito, na kinachoamua kinapaswa kuwa choo cha mtoto. Asiyeharisha apakwe dawa ya fangasi peke yake. Anayeharisha apakwe dawa kwanza, iachwe dakika chache inyonywe, kisha zinki ipite juu. Mpango usiofaa hata kidogo ni ule wa kupaka zinki kwanza na dawa juu yake, kwa sababu dawa hiyo itaishia kwenye nepi.

Makosa makubwa kuliko kuchelewa hufanyika kwenye kaunta ya duka la dawa. Mzazi husema anataka dawa ya fangasi ya mtoto, naye hupewa tyubu yenye dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali kama betamethasoni. Tyubu hizo hupendwa kwa sababu hufanya maajabu ya siku 2. Steroidi huzima uvimbe na muwasho upesi, upele unafifia, na kila mtu anaridhika. Lakini steroidi hiyo hiyo huipunguzia ngozi uwezo wa kupambana na fangasi, na ngozi ya mtoto iliyofunikwa na nepi hunyonya dawa kwa wingi kuliko ngozi iliyo wazi. Ikitumika kwa muda, huweza kuifanya ngozi iwe nyembamba na yenye michirizi, na ikiingia mwilini ya kutosha huvuruga homoni za mtoto. Marekani, maelezo rasmi ya krimu inayochanganya klotrimazoli na betamethasoni yanasema isitumike kwa upele wa nepi. Onyo hilo lingestahili kubandikwa kwa herufi kubwa kwenye makabati ya maduka yetu. Daktari anaweza kuamua kuongeza haidrokotisoni hafifu, ya asilimia 1, kwa siku chache pale uvimbe unapomtesa mtoto. Uamuzi huo ni wake, na dawa hiyo si ya nguvu sawa na betamethasoni.

Neno dawa ya fangasi nalo ni pana mno. Marhamu ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki, huuzwa kwa bei ndogo, nayo ni nzuri kwa mapunye na mabaka ya mwilini kwa mtu mzima. Ikipakwa kwenye ngozi iliyochubuka ya mtoto huunguza, na asidi yake huweza kunyonywa. Griseofulvini, dawa ya kumeza ya mapunye ya kichwani, haimgusi kandida. Muuzaji atakayeuliza upele uko wapi na mtoto ana umri gani kabla ya kunyoosha mkono kabatini ameshaepuka makosa hayo yote.

Ile dawa ya zambarau, GV, humuua kandida kweli, na bibi wengi waliitumia vizuri kwa utando wa mdomoni. Tatizo lake ni kwamba hupaka rangi kila kitu, ikiwamo ngozi yenyewe, hivyo hakuna anayeweza kuona kama upele unapungua au unasambaa. Ikiwa na nguvu kupita kiasi huunguza, na majaribio kwa wanyama yameihusisha na saratani. Klotrimazoli ikiwapo, hakuna haja nayo. Poda ya mtoto haiui fangasi, hugandamana mikunjoni, na vumbi lake likivutwa huumiza mapafu. Unga wa wanga wa mahindi umesingiziwa kwamba humlisha kandida. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1984 haukuona hivyo kwenye ngozi ya binadamu, lakini vumbi ni vumbi.

Dawa itashindana na nepi kama nepi haikubadilika. Mtoto abadilishwe mara tu anapojisaidia, na pampasi iliyojaa isisubiri asubuhi. Winda za kitambaa zina faida ya kupitisha hewa, lakini faida hiyo huisha pindi kaptura ya plastiki inapovishwa juu yake. Zifuliwe, zichemshwe, zisuuzwe hadi sabuni iishe, zianikwe juani na kupigwa pasi. Mikono ya anayepaka dawa ioshwe kabla na baada. Mengine ya usafi yanafahamika.

Kuna upele ambao hautakiwi kuhangaikiwa nyumbani. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja mwenye vipele vya usaha apelekwe kituo cha afya bila kujaribiwa krimu yoyote. Vivyo hivyo mwenye homa, anayekataa kunyonya, mwenye malengelenge au vidonda vyenye ukoko wa rangi ya asali, kwa kuwa hapo bakteria wameingia. Wekundu mkali unaozunguka tundu la haja kubwa peke yake, wenye maumivu wakati wa choo, unaweza kuwa wa bakteria pia, na klotrimazoli haitausaidia. Upele uliopo pia kuzunguka mdomo na kwenye vidole, kwa mtoto anayeharisha na kudhoofika, huweza kuwa upungufu wa madini ya zinki mwilini. Huo hauponi kwa zinki ya kupaka, bali kwa ya kumeza.

Siku 3 za klotrimazoli bila mabadiliko, au siku 7 bila nafuu ya kutosha, zinatosha kumrudisha mtoto kwa mhudumu. Kwanza ataangalia kama dawa ilifika mikunjoni na kama mdomo ulitibiwa. Akiwa na shaka anaweza kukwangua ukoko kidogo wa ukingoni, kuudondoshea potasiamu haidroksaidi na kuutazama kwa hadubini, ambapo kandida huonekana kama vijidonge vinavyochipua na nyuzi fupi. Kandida anayerudi tena na tena, hasa akiwa na utando wa mdomoni usiokwisha baada ya miezi ya mwanzo, au kwa mtoto asiyeongezeka uzito, ni sababu ya kumpima mtoto VVU na kuangalia kama ana tatizo jingine la kinga.

Upele ukipona, ngozi nyeusi mara nyingi hubaki na mabaka meupe au meusi mahali ulipokuwa. Wazazi wengine huyaona mabaka hayo kuwa fangasi waliobaki na kuendelea kupaka dawa kwa majuma, au kuhamia kwenye tyubu kali zaidi. Mabaka hayo ni rangi tu iliyovurugwa na uvimbe, na hurudi hali yake yenyewe polepole, wakati mwingine kwa miezi. Kinachoonyesha kwamba fangasi wamekwisha ni ngozi kavu na laini ndani ya mikunjo, isiyo na ukingo wenye ukoko wala kipele kipya. Hali hiyo ikidumu siku kadhaa, krimu iachwe, na mafuta ya kukinga yarudie kazi yake ya kawaida.